Kikao cha tafakari wodini

Kikao cha tafakari wodini ni mkutano mfupi wa watumishi wa wodi moja ya hospitali, unaofanyika siku chache baada ya tukio lililowaumiza mioyo, kwa mfano kifo cha ghafla cha mgonjwa, kifo cha mtoto, au shambulio dhidi ya mtumishi. Washiriki hukaa pamoja na mwezeshaji na kuzungumza juu ya yale tukio lilivyowafanyia wao wenyewe kama watu na kama wafanyakazi. Lengo si kumtafuta mkosaji, wala si kutibu ugonjwa wa akili. Lengo ni timu kupata picha moja ya jambo walilolipitia, kuondoa lawama ambazo hazina msingi, na kumtambua mapema mtu anayehitaji msaada zaidi.

Kikao hiki hutofautiana na mikutano mingine miwili inayofanana nacho. Wa kwanza ni kikao cha kutathmini kifo, kama ule mfumo wa kufuatilia vifo vya uzazi na vya watoto wachanga unaotumika Tanzania na Kenya, ambamo kamati husoma jalada la mgonjwa, hutafuta sababu na hutoa mapendekezo. Wa pili ni kikao cha nidhamu, ambamo mtumishi hujibu tuhuma. Katika kikao cha tafakari hakuna jalada mezani na hakuna uamuzi juu ya mtu yeyote. Mikutano hii mitatu ikichanganywa katika chumba kimoja, watu hunyamaza, na kila mkutano hushindwa kufanya kazi yake.

## Historia

Katika miaka ya 1950 daktari Michael Balint, aliyezaliwa Hungaria na kufanya kazi katika kliniki ya Tavistock mjini London, alianza kuwakusanya madaktari wa kawaida katika vikundi vidogo ili wazungumzie uhusiano wao na wagonjwa waliowasumbua. Vikundi vya namna hiyo bado vinaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1983 Mmarekani Donald Schön alieleza jinsi mtaalamu anavyojifunza kwa kuitafakari kazi yake, akiwa katikati ya kazi na baada ya kuimaliza. Mwaka 1988 Mwingereza Graham Gibbs alitoa mzunguko wa hatua sita ambao umefundishwa katika vyuo vingi vya uuguzi: nini kilitokea, ulihisi nini, nini kilikuwa kizuri au kibaya, unakielewaje, ungefanya nini kingine, na utafanya nini likitokea tena.

Mkondo mwingine ulianzia kwa zimamoto na wahudumu wa magari ya wagonjwa. Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell alipendekeza mkutano wa hatua kwa hatua kwa vikundi vya watu waliotoka kwenye ajali na maafa. Baadaye njia hiyo ilisambaa hata kwa watu ambao haikutungwa kwa ajili yao, wakiwemo wagonjwa mmoja mmoja waliojeruhiwa. Matokeo ya usambazaji huo yanaelezwa chini, katika sehemu ya mipaka.

Mfano wa tatu ni vikao vya Schwartz, vilivyopewa jina la Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995. Katika vikao hivyo watumishi wa hospitali nzima hukutana kwa ratiba ya kudumu na kusikiliza wenzao wachache wakisimulia upande wa moyo wa kazi yao. Vikao hivyo havisubiri tukio baya, na hapo ndipo vinapotofautiana na kikao cha wodi kinachoelezwa hapa.

## Wakati na mahali

Mara baada ya tukio, watu hawahitaji tafakari ndefu. Wanahitaji maji ya kunywa, mahali pa kukaa, mtu wa kuwashikia kazi kwa dakika chache, na njia salama ya kurudi nyumbani. Kabla ya kuondoka kwenye zamu, kiongozi wa zamu anaweza kuwakusanya kwa dakika 5 hadi 10 na kuuliza maswali matatu tu: Kuna mtu aliyeumia? Kuna kazi iliyobaki ambayo lazima ikabidhiwe? Nani atakuwa peke yake leo?

Kikao chenyewe hufanyika baadaye, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na wiki ya pili. Kikifanyika mapema mno, wengine bado wamepigwa na butwaa na hawawezi kupanga maneno. Kikicheleweshwa mno, uvumi huwa umeshachukua nafasi ya kumbukumbu.

Dakika 45 hadi 60 zinatosha. Idadi inayofaa ni watu 6 hadi 12, na wote waliokuwepo hualikwa: daktari, wauguzi, wakunga, mhudumu wa wodi, mtu wa usafi, mlinzi, dereva wa gari la wagonjwa. Mara nyingi mtu wa usafi ndiye aliyefuta damu, na mlinzi ndiye aliyekabiliana na ndugu wa marehemu, lakini hakuna anayewakumbuka. Muda unaofaa ni wa kupokezana zamu, na hapo wodi lazima iachiwe watu wengine. Mtumishi wa zamu ya usiku asiitwe saa sita mchana kutoka usingizini, labda iwe kwa hiari yake na kwa saa zinazohesabiwa kuwa za kazi. Chumba kiwe na mlango unaofungika, viti vipangwe kwa duara, na kisiwe chumba kilekile mgonjwa alimofia.

## Kanuni za msingi

Kanuni husomwa kwa sauti mwanzoni, hata kama wote wanazijua. Kila moja ina sababu yake.

1. Kuja ni hiari, na kuongea ni hiari. Mtu anaweza kukaa kimya hadi mwisho bila kuulizwa kwa nini. Anayetoka nje hufuatwa na mwezeshaji msaidizi, si kwa kumrudisha bali kuona kama yuko salama.

2. Yanayosemwa hapa hubaki hapa, isipokuwa katika mambo mawili. Mambo hayo ni hatari kwa maisha ya mtu, ikiwemo ya msemaji mwenyewe, na jambo ambalo likinyamaziwa litamdhuru mgonjwa mwingine. Mipaka hii husemwa kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Kuahidi siri isiyo na mpaka ni kuahidi kitu ambacho mwezeshaji hataweza kukitimiza.

3. Kila mtu husema juu yake mwenyewe. Badala ya "ulichelewa kuniitikia", mtu husema "nilipoita nikaona kimya, niliogopa". Maneno ya kwanza humlazimisha mwenzake ajitetee, ilhali ya pili humpa nafasi ya kusikia.

4. Hatuchunguzi. Maswali ya dozi, dakika na nani alitakiwa kufanya nini hupelekwa kwenye kamati ya tathmini. Mwezeshaji huyaandika kwenye karatasi moja pembeni ili yasipotee, bila jina la mtu.

5. Hatuelezi picha za kutisha kwa undani. Inatosha kusema "ile hali ya kitandani". Wengine waliokuwepo chumbani hawakuona kila kitu, na hakuna sababu ya kuwaongezea picha ambazo hawakuwa nazo.

6. Vyeo hubaki mlangoni. Wa cheo cha juu haanzi kuongea wala hatoi hitimisho.

7. Hakuna kumbukumbu za mkutano, na simu huzimwa. Kinachoandikwa ni tarehe, idadi ya waliohudhuria, na maombi ambayo kikundi kizima kimekubali yapelekwe kwa uongozi.

## Mwezeshaji

Mwezeshaji anafaa kutoka nje ya wodi hiyo. Anaweza kuwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, muuguzi wa afya ya akili, mshauri nasaha, au muuguzi mzoefu wa wodi nyingine aliyefundishwa kazi hiyo. Msimamizi wa wodi, ambaye wauguzi wengi humwita inchaji, hafai kuongoza, hata akipendwa namna gani, kwa sababu ndiye anayepanga zamu na kujaza fomu za tathmini ya utendaji.

Inafaa wawepo wawili. Mmoja huongoza mazungumzo. Wa pili hutazama nyuso: nani ameinamisha kichwa tangu mwanzo, nani anatetemeka, nani anacheka pasipochekesha. Baada ya kikao hao wawili hukaa dakika 10 wao kwa wao, maana nao wamebeba kitu.

## Hatua za kikao na maswali ya mwezeshaji

Kufungua (dakika 5). Mwezeshaji hujitambulisha, husoma kanuni na husema kikao kitakwisha saa ngapi. Husema pia waziwazi: "Sikuja kuchunguza. Sitampelekea mganga mfawidhi taarifa ya nani kasema nini."

Tukio kwa ufupi (dakika 10). Maswali: "Kila mmoja alikuwa wapi alipojua kwamba mambo yameharibika?" "Kuna kipande ambacho hukukiona na ungependa mwenzako akujazie?" Hatua hii huleta nafuu kubwa, kwa kuwa kila mtu huwa ana kipande kimoja tu cha habari, na mapengo yake ameyajaza kwa kujilaumu.

Lilivyotugusa (dakika 20). Maswali: "Ni sehemu gani inakurudia?" "Ulipofika nyumbani ilikuwaje?" "Kuna kitu ulitamani kumwambia mtu siku ile ukashindwa?" Swali la "kwa nini" huepukwa, kwa sababu linanuka uchunguzi. Mtu akinyamaza, mwezeshaji huhesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema lolote. Akilia, haambiwi "jikaze". Huachiwa muda, na mwezeshaji anaweza kusema, "Tuko nawe, hatuna haraka."

Tulichojifunza juu yetu (dakika 10). Maswali: "Nani alikusaidia usiku ule, na alifanya nini hasa?" "Likitokea tena, timu hii ingehitaji nini ili isiumie kiasi hiki?"

Kufunga (dakika 10). Mwezeshaji hueleza kwamba kukosa usingizi, kushtuka na kukumbuka mara kwa mara ni mambo ya kawaida katika siku za mwanzo na kwa watu wengi hupungua yenyewe. Hutaja mahali pa kupata msaada na jina la mtu wa kumwendea. Kisha huuliza, "Ukitoka hapa unakwenda wapi, na uko na nani?" Kikao kisifungwe wakati mtu mmoja bado yuko katikati ya kilio.

## Mfano

Mfano huu si wa hospitali fulani. Umetungwa kuonyesha jinsi hatua hizo zinavyoweza kwenda katika wodi ya wazazi.

Usiku wa Jumamosi wakunga wawili walikuwa na wanawake 11. Saa 8 usiku mama mmoja aliyekwisha kujifungua salama alianza kutoka damu nyingi. Mkunga mdogo alikuwa peke yake naye kwa dakika chache za mwanzo, kwa kuwa mwenzake alikuwa akizalisha kitanda cha pili. Walimkanda mfuko wa uzazi, wakampa oksitosini na dripu, daktari akaja. Damu ya kundi lake haikuwepo maabara, hivyo dereva akatumwa hospitali nyingine. Mama alifariki saa 9:20. Damu ilifika saa 9:40. Mama mkwe alianguka koridoni akipiga kelele kwamba wamemuua.

Siku ya tano walikutana watu wanane. Waliongozwa na afisa ustawi wa jamii, na muuguzi wa wodi ya watoto akawa msaidizi.

Katika hatua ya pili mkunga mdogo alisema kwamba tangu siku ile anaamini alichelewa kuita. Mwenzake alishangaa. "Sista, mimi nilikusikia mara ya kwanza kabisa. Mikono yangu ilikuwa kwa mtoto anayetoka. Nilikuitikia, labda hukunisikia kwa kelele." Mkunga mdogo hakuwa amejua hilo kwa siku tano. Alikuwa ameomba kubadilishwa zamu zote za usiku, na inchaji alidhani ni uvivu.

Kisha daktari akasema, "Tatizo ni kwamba mimi ningeitwa dakika kumi mapema..." Mwezeshaji hakumwacha amalize, wala hakumkemea. Alisema, "Daktari, habari ya muda nimeiandika hapa kwa ajili ya kamati ya tathmini, ni jambo zito na lina mahali pake. Kwa sasa naomba utuambie, wewe mwenyewe dakika zile kumi zinakufanyia nini?" Daktari alikaa kimya, halafu akasema kwamba kila simu ikilia usiku anaamka akiwa amejiandaa kusikia kifo. Chumba kilibadilika. Kabla ya hapo wakunga walikuwa wakimwona kama mtu anayewatupia mzigo.

Aliyezungumza mwisho alikuwa dereva. Alisema alirudi akikimbia na kisanduku cha damu, akamkuta mhudumu wa wodi anafuta sakafu, akajua. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikirudisha kisanduku maabara akaenda kukaa kwenye gari mpaka asubuhi. Mhudumu wa wodi akasema naye alitaka kumwita, lakini alikuwa anaogopa kupita mbele ya mama mkwe.

Kikundi kilikubali maombi mawili kwa uongozi. La kwanza, kila dharura itokeapo usiku, mtu mmoja atajwe kwa jina kukaa na ndugu na kuwapa habari. La pili, kiongozi wa zamu awakusanye wote, pamoja na dereva, kabla hawajaondoka. Suala la damu kukosekana na lile la wakunga wawili kwa wanawake 11 yalipelekwa kwenye kamati. Mkunga mdogo alionana na afisa ustawi wa jamii tena baada ya wiki moja, kwa faragha.

## Yanayokwenda kombo

Kosa la kwanza ni kikao kugeuka mahakama. Dalili yake ni watu kuanza kutaja saa na dakika kwa usahihi mkubwa, kutaja nafsi ya tatu ("yeye alitakiwa"), na kumwangalia mtu mmoja. Mwezeshaji hurudia kanuni ya nne na kuirudisha sentensi kwa msemaji mwenyewe. Hali ikiendelea, hukifunga kikao mapema. Kikao kilichofungwa mapema si kizuri, lakini ni afadhali kuliko mtumishi kuhukumiwa mbele ya wenzake.

Kosa la pili ni faraja ya haraka. Mtu anasema anajilaumu, na papo hapo wenzake wanamwambia "si kosa lako, ni mapenzi ya Mungu". Imani inaweza kuwa tegemeo la kweli kwa mhusika, lakini ikitumika kumziba mdomo, ataondoka na mzigo wake. Mwezeshaji husema, "Ngoja kwanza tumsikie mpaka mwisho."

Kosa la tatu huonekana nje ya chumba. Maneno ya kikao yakisikika kwenye kantini kesho yake, kikao kijacho hakitakuwa na watu. Hapo hakuna dawa isipokuwa kuitana tena, kukiri kwamba kanuni imevunjwa, na kuuliza kama kikundi bado kinataka kuendelea.

Kosa la nne ni la uongozi: kuitisha vikao lakini kutojibu maombi. Hata jibu la "hatuwezi kwa sasa, kwa sababu hii" ni bora kuliko kimya.

## Mipaka

Kikao cha tafakari si kinga dhidi ya ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata kiwewe. Hilo lilidhihirika katika utafiti wa Jonathan Bisson na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, kwa wagonjwa wa majeraha ya moto. Waliofanyiwa mahojiano ya mara moja juu ya ajali yao walikuwa na hali mbaya zaidi miezi 13 baadaye kuliko wasiofanyiwa: asilimia 26 walikuwa na ugonjwa huo, ikilinganishwa na asilimia 9. Mapitio ya tafiti yaliyofuata hayakuona kwamba mahojiano ya mara moja huzuia ugonjwa huo, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi yatumike kwa lengo hilo.

Utafiti huo ulihusu wagonjwa mmoja mmoja, si timu za kazi, kwa hiyo haumaanishi kwamba wafanyakazi wasikae pamoja. Lakini ndio unaoeleza kwa nini kanuni ya kwanza na ya tano zipo. Kumlazimisha mtu asimulie, na kumrudisha kwenye picha za kutisha, kunaweza kumdhuru. Kwa saa na siku za mwanzo, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wenye mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha na msaada. Hakuna anayelazimishwa kusimulia.

Mtumishi hupelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili endapo jinamizi, kushtuka au kukwepa wodi kunaendelea zaidi ya mwezi mmoja, au mapema zaidi endapo anashindwa kufanya kazi, anakunywa pombe ili alale, au anasema afadhali asingekuwepo. Katika hali hiyo ya mwisho haachwi peke yake, na msaada hutafutwa siku hiyohiyo.

Mwisho, kikao hakiongezi wakunga wala damu. Kama wodi inarudi chumbani kila mwezi kwa tukio lilelile, jambo la kushughulikia haliko tena ndani ya mioyo ya watumishi, na mwezeshaji ana wajibu wa kulisema hivyo kwa uongozi, kwa idhini ya kikundi.